Mstaafu si Mchuuzi: Bima ya Afya Baada ya Ajira

Mtu hustaafu kazi. Maradhi hayamstaafu mtu. Kauli hii haihitaji ushahidi mwingi, maana kila msomaji anaye mzee nyumbani au jirani ambaye shinikizo la damu na kisukari vilimbishia hodi papo hapo alipokabidhi funguo za afisi. Jambo ambalo halijulikani na wengi, na ambalo ndilo nitakalo kulizungumzia leo, ni kwamba siku ile mshahara unapokoma, bima ya afya ya taifa nayo hubadilika sura. Haikomi kwa mujibu wa sheria, la hasha. Lakini inatoka katika mikono ya mwajiri na kuingia katika mikono ya mstaafu mwenyewe, tena kwa masharti ambayo kwa maoni yangu hayakutungwa kwa ajili yake.

Ili tufahamiane, yafaa tuanzie mbali kidogo. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ile tuliyozoea kuiita NHIF, iliundwa mwaka wa 1966 ikiwa chini ya Wizara ya Afya, na mwaka wa 1998 ikapewa sheria mpya iliyoifanya shirika linalojisimamia. Katika miaka yake ya mwisho, tangu 2015, mfanyakazi alikatwa kuanzia shilingi 150 hadi shilingi 1,700 kwa mwezi kulingana na mshahara wake. Yule asiyekuwa na mshahara, akiwemo mstaafu, alilipa shilingi 500 kila mwezi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na simo miongoni mwa wanaoulilia kana kwamba ulikuwa pepo. Hata hivyo, ulikuwa na wema mmoja kwa mzee aliyestaafu: alijua atalipa ngapi, na alilipa kadiri pensheni yake ilivyoingia, mwezi kwa mwezi.

Mnamo Oktoba 2023 ikatiwa saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikaanza kazi mahali pa NHIF. Sheria hii inawagawa Wakenya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wenye mishahara. Hao hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu, na mwajiri hutakiwa kuziwasilisha fedha hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Fungu la pili ni la jamaa zote ambazo riziki yao haitokani na mshahara. Hao nao hutozwa asilimia 2.75, ila ya mapato ya nyumba nzima, na kwa kuwa mapato hayo hayana hati ya malipo ya kuyathibitisha, hukadiriwa kwa kipimo maalumu cha uwezo. Mafungu yote mawili hayawezi kutozwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tofauti kubwa ni hii: mwenye mshahara hulipa kila mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Sasa mstaafu yuko wapi? Pensheni si mshahara, kwa hivyo anayemlipa pensheni hamkati bima. Mstaafu basi huhamishwa kutoka fungu la kwanza na kutiwa katika la pili, kikapu kimoja na mkulima, mvuvi, mwendeshaji bodaboda na muuza mitumba. Hao wote ni watu wa heshima na kazi zao ni halali. Lakini hali zao na ya mstaafu ni mbali kama ardhi na mbingu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Tuchukue mfano. Tuseme pana karani wa serikali aliyetimiza miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, na mshahara wake ghafi wa mwisho ulikuwa shilingi 64,000. Kila mwezi alikatwa shilingi 1,760 za bima. Hakuziona zikienda, hakupanga foleni, hakubonyeza simu. Zilikatwa juu kwa juu. Akastaafu mwisho wa Juni. Makato ya mshahara wa Juni yatapelekwa kufikia tarehe 9 Julai, na baada ya hapo hapana mtu anayemlipia. Hakuna barua inayomfikia kumwambia kwamba bima yake imebaki yatima. Mwajiri ameondoa jina lake katika orodha, na mlipaji wa pensheni halimhusu.

Tuseme tena kwamba pensheni yake ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kama angetozwa asilimia 2.75 ya pensheni hiyo, angelipa shilingi 550 kwa mwezi, au shilingi 6,600 kwa mwaka. Lakini SHA haiangalii pensheni peke yake. Inapima uwezo wa nyumba. Mzee wetu anaulizwa maswali: paa la nyumba ni la nini, kuta ni za udongo au za mawe, sakafu je, maji anayapata wapi, anapikia kuni au gesi, ana umeme, ana choo cha namna gani, ana mifugo mingapi, wanaokula chungu kimoja ni wangapi, kisomo chake kimefika wapi. Majibu hayo hutiwa katika hesabu, na hesabu hutoa kiasi cha mchango wa mwaka. Tuseme hesabu inatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi 12,000 kwa mwaka.

Msomaji na aigeuze hesabu hiyo. Ikiwa shilingi 1,000 ni asilimia 2.75, basi kipimo kimemwona mzee huyu kuwa mtu apataye takriban shilingi 36,360 kila mwezi. Kumbe apatazo ni 20,000! Kwa hakika anatozwa asilimia 5 ya pensheni yake, karibu mara mbili ya kiwango anachotozwa mkurugenzi mwenye mshahara wa nusu milioni. Na kwa kuwa zinatakiwa zote kwa pamoja, mwezi huo wa kulipa atabakiwa na shilingi 8,000 za kula yeye na mkewe.

Kosa limetoka wapi? Sidhani kuna mtu aliyekusudia kumwonea mzee. Kosa limo ndani ya kipimo chenyewe. Kipimo cha namna hii hukisia mapato kwa kutazama mali. Kwa kijana aliye kazini jambo hilo laweza kuwa na mantiki, maana mali yake na mapato yake huenda sambamba. Kwa mstaafu mambo ni kinyume. Nyumba yake ya mawe, vigae vyake, mtungi wake wa gesi na umeme wake ni matunda ya miaka 30 ya mshahara ambao sasa haupo. Kisomo chake kilimpa kazi, na kazi imekwisha. Kipimo kinaisoma jana ya mzee na kuiita leo. Aliyejinyima akajenga anahesabiwa tajiri kwa sababu ya paa lake, ingawa paa hilo haliwezi kumnunulia hata kidonge kimoja.

Nakubali kwamba kipimo hicho kina kazi yake. Pasipo na hati yoyote ya mapato, serikali haina budi kukisia. Lakini mstaafu anayo hati! Pensheni yake inajulikana hadi senti ya mwisho, na anayeilipa anajulikana. Iweje basi tuache hesabu iliyo wazi tushike ramli?

Nije kwenye lile la kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapa pia nataka niwatendee haki waliotunga kanuni. Kila bima duniani ina adui mmoja, naye ni mtu anayengoja augue ndipo alipe. Enzi za NHIF, wengi wasiokuwa na mishahara walifanya hivyo hivyo: mama akikaribia kujifungua, au mtu akiambiwa anahitaji upasuaji, ndipo michango ilipolipwa, hatari ikishapita, malipo yakakoma. Hazina haiwezi kusimama kwa mtindo huo, kwa kuwa inabaki na wagonjwa watupu na haina wazima wa kuwachangia. Ndiyo sababu kanuni zikataka mwaka mzima kwanza, tena mchango wa mwaka unaofuata ulipwe siku 14 kabla ya mwaka uliolipiwa kumalizika. Ni dawa chungu lakini ina maana yake kwa mtu ambaye mapato yake hayashikiki.

Mstaafu, hata hivyo, hana ugonjwa unaotibiwa na dawa hiyo. Mapato yake yanashikika. Yanapita katika mkono wa mlipaji kila mwezi kabla ya kumfikia, kama mshahara ulivyokuwa ukipita. Ukimkata shilingi 550 pale kwenye chemchemi, hawezi kukwepa, hawezi kungoja augue, wala hawezi kusahau. Hazina ingepata fedha zake kwa uhakika zaidi kuliko ipatavyo sasa. Kumtaka mzee huyu alipe mkupuo ni kumvisha kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mwingine.

Tena mkupuo huo humdai wakati mbaya kuliko wote. Kila mstaafu anajua kwamba kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza pana nyika pana. Faili husafiri kutoka meza hadi meza. Karatasi moja ikikosekana hurudi ilikotoka. Kiinua mgongo huchukua miezi, na nimewaona wenzangu walioyangoja mafao yao hata wakakopa nauli ya kwenda kuyaulizia. Katika nyika hiyo ndimo mzee anamotakiwa atoe shilingi 12,000 taslimu. Upo mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini tuite jambo kwa jina lake: ni mkopo. Mtu aliyekatwa bima miaka yote ya kazi yake anaanza uzee wake kwa deni la bima.

Na asipolipa? Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa, na kuchanganywa kwake kumewaumiza watu. Sheria iliunda hazina tatu. Ya kwanza ni ya huduma za msingi, nayo hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Hii haitaki mchango. Inatosha mtu awe amejisajili. Kwa hivyo mzee asiyelipa ataendelea kupimwa shinikizo la damu na kupewa dawa za kawaida pale zahanati ya kijijini, zikiwepo. Ya pili ndiyo Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii hasa, inayolipia kulazwa hospitalini, upasuaji, usafishaji wa damu kwa wenye maradhi ya figo, matibabu ya saratani na mengineyo makubwa. Hii humhudumia aliyelipa tu. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu na mahututi, ambayo kwa maradhi sugu huanza kulipa pale kiwango cha hazina ya pili kinapokwisha. Tazama basi hatari ilivyo: mzee anakwenda zahanati, anahudumiwa bure, anarudi nyumbani akiamini bima yake i hai. Siku anapoanguka na kuhitaji kulazwa ndipo dirishani anapoambiwa kwamba hana mchango. Mlango wa hazina ya pili umefungwa, na maadamu njia ya kuifikia ya tatu hupitia humo, nao umefungwa.

Wapo pia waliokuwa na bima ya ziada kazini. Watumishi wa umma wana mpango wao wa matibabu juu ya ile bima ya kawaida, na walimu, ambao kwa miaka mingi walihudumiwa na mpango wa kampuni binafsi, walihamishiwa SHA tarehe 1 Desemba 2025. Mipango hiyo imefungamana na ajira. Mtu akitoka kazini, ile ziada huisha, pamoja na zile kliniki za binafsi alizozoea kuingia na kutoka bila kutoa senti. Kinachobaki ni msingi tu, na msingi wenyewe ni ule anaopaswa kuulipia mwenyewe. Mwenye kisukari aliyekuwa akipata dawa zake katika hospitali ya binafsi ajue kabla ya siku ya kuaga ni kituo kipi cha umma kitakachompa dawa zile zile.

Nisije nikalaumu bila kumwachia msomaji cha kushika. Anayekaribia kustaafu na afanye mambo haya kwa utaratibu. Miezi michache kabla ya kuondoka, abonyeze *147# kwenye simu yake ahakikishe kwamba usajili wake ni sahihi, kwamba mwenzi wake na watoto wake wanaomtegemea wameandikwa, na kwamba nambari ya simu iliyomo ni yake mwenyewe. Akishapokea mshahara wa mwisho, apimwe uwezo bila kuchelewa, kwa simu, au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji, au katika afisi ya SHA. Asijibu maswali kwa kujikweza, wala asiseme uongo, aseme yaliyopo. Kiasi kikitoka kikubwa kuliko uwezo wake, asinyamaze. Aende afisi ya SHA akiwa na hati ya pensheni, aombe kupimwa upya. Kisha fedha za mwaka wa kwanza azitenge kutoka mishahara yake ya mwisho, asizitegemee za kiinua mgongo.

Pana jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ikiwa mke au mume wa mstaafu bado yuko kazini na anakatwa asilimia 2.75, mstaafu anaweza kuandikwa chini yake kama mwenzi, na nyumba hiyo haina haja ya kulipa mara ya pili. Lakini asitarajie kuandikwa chini ya mwanawe. Mtoto mzima aliyeajiriwa ana nyumba yake mbele ya sheria. Anaweza kumlipia mzazi mchango wake, na ni baraka akifanya hivyo, ila mzazi hubaki na akaunti yake mwenyewe. Naye mstaafu akipata kazi ya mkataba, hurudi kuwa mwenye mshahara na kukatwa kila mwezi kama zamani, hadi mkataba utakapokwisha.

Kwa vijana walio kazini, sheria ya kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 imefungua mlango mdogo. Mtu anaweza kuweka akiba katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu, na hadi shilingi 15,000 kwa mwezi za akiba hiyo hazitozwi kodi. Ni jambo jema kwa aliye na miaka 20 mbele yake na mshahara unaobakisha. Kwa yule anayeaga mwezi ujao, ni mvua iliyonyesha baada ya mavuno.

Ninachodai si makubwa. Sidai mstaafu asamehewe mchango. Alichanga akiwa kijana ili wazee watibiwe, na heshima yake imo katika kuendelea kuchanga. Nadai mambo matatu. Kwanza, kanuni zimtambue mstaafu mwenye pensheni kuwa fungu la pekee, atozwe asilimia 2.75 ya pensheni yake halisi. Pili, mlipaji wa pensheni, awe ni Hazina ya Kitaifa au mpango wa mwajiri, azikate na kuziwasilisha kila mwezi, mstaafu akiridhia. Tatu, bima isikatike katika ile miezi ya kungoja mafao. Mchango wa miezi hiyo uhesabiwe na kukatwa pensheni ya kwanza itakapotoka.

Wapo watakaosema kwamba pensheni ni ndogo na haifai kuguswa. Nawajibu kwamba tayari inaguswa, tena kwa shoka. Kukata shilingi 550 kila mwezi kwa kisu chembamba ni huruma kuliko kungoja shilingi 12,000 kwa siku moja. Wengine watasema si wastaafu wote wenye pensheni. Wengi walifanya kazi miaka mingi wakatoka mikono mitupu, au na mkupuo mdogo ulioisha. Ni kweli, na hao kipimo cha uwezo ndicho kitakachowafaa, maana hawana hati nyingine. Lakini kushindwa kumsaidia mmoja si sababu ya kumtesa mwingine ambaye msaada wake uko tayari mezani.

Wenye mamlaka wanaotunga kanuni hizi ni watumishi wenye mishahara, na makato yao hupita kimya kila mwezi bila wao kuyasikia. Nao wana tarehe zao za kuzaliwa katika mafaili. Wakibadilisha kanuni leo, watakuwa wamejitengenezea njia watakayoipita wenyewe.